Laptopu Ilipotea Ijumaa, Ripoti Ikaandikwa Jumatatu

Tiketi niliyoipokea ilikuwa na mstari mmoja: "Laptopu ya afisa wa mikopo imepotea Jumamosi 01:30. Hatua zimechukuliwa." Wakati huo nilikuwa nikiandika mihtasari ya matukio katika kitengo cha usalama wa mifumo cha taasisi moja ya akiba na mikopo mjini Mombasa. Vipande kama hivi vilikuwa vikinijia kutoka dawati la msaada, nami nilitakiwa kuvigeuza kuwa ukurasa mmoja ambao mafundi, mwanasheria na mkurugenzi wangeufanyia kazi bila kulazimika kuniuliza tena. Nimeandika mihtasari mingi ya aina hiyo, lakini huu ndio ninaowaeleza vijana wanaoanza kazi, kwa sababu karibu kila kitu kinachoweza kuharibika katika kuripoti laptopu iliyopotea kilikuwamo ndani ya mstari ule.

Nianze na saa. Mtu aliyepotelewa alimwambia kijana wa dawati kwamba aligundua "saa moja na nusu usiku, Ijumaa". Kijana yule fomu yake ilitaka tarakimu, akaandika 01:30. Kisha akaona 01:30 ya usiku wa Ijumaa ni Jumamosi tayari, akabadilisha na siku ili mambo yapatane. Kumbe saa moja na nusu usiku ya Mswahili ni 19:30, na siku ni ile ile ya Ijumaa. Makosa ya saa sita yalizaliwa hapo, bila mtu yeyote kudanganya wala kuzembea. Kilichoyafanya yasionekane ni kwamba 01:30 ni saa inayoaminika kabisa; hakuna anayeisoma akashtuka. Tangu siku hiyo, mtu akinitajia saa ya tukio, namrudishia kwa namna nyingine: "Yaani jua limeshazama? Mlikuwa mmekwisha kula?" Jibu la maswali hayo haliandikiki vibaya.

Kulikuwa na mtego wa pili wa saa, nao ulitoka kwenye mitambo. Kioo cha mfumo unaosimamia laptopu zetu kilionyesha kwamba mashine iliwasiliana na seva mara ya mwisho Ijumaa 14:12. Mwenzangu mmoja akasema basi imeibwa ofisini wakati wa chakula cha mchana. Lakini kumbukumbu zile zilikuwa zikiandikwa kwa saa za UTC, na sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Ilikuwa 17:12, wakati watu wanakusanya vitu vyao waende nyumbani. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza katika muhtasari ni kwamba nyakati zote ziwe za saa 24, zote ziwe za hapa, na mwanzoni kabisa mwa ukurasa iandikwe hivyo. Pale ninaponukuu kumbukumbu ya mfumo naiacha UTC yake pembeni ili fundi aweze kuitafuta.

Nikampigia mwenyewe. Alikuwa ameketi ofisini kwa meneja wake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

"Dada, pole sana," nikamwambia. "Sijakupigia kukulaumu. Nataka tuipange Ijumaa yako tangu ulipofunga kazi."

"Kaka, mimi nimeshasema yote. Nimeiacha kwenye tuktuk."

"Sawa. Ulipoondoka mezani uliizima, au ulifunga tu kifuniko?"

Akanyamaza kidogo. "Nilifunga kifuniko. Mimi huwa siizimi."

Tukaipanga. Alitoka mlangoni yapata 17:30, na kadi yake ya mlango ikathibitisha. Alipitia sokoni. Tuktuk aliipanda yapata 18:15, akashuka Kisauni yapata 18:40 akiwa na mifuko ya mboga mkono mmoja na simu mkono wa pili. Hakuutafuta mkoba mpaka 19:30, alipotaka kuchaji laptopu. Saa 19:50 alimtumia meneja wake ujumbe wa WhatsApp. Meneja aliusoma Jumamosi 09:10, akajibu: "Pole sana. Tutaangalia Jumatatu." Jumatatu 08:30 dawati la msaada likafungua tiketi.

Hapo ndipo neno "imepotea" la kwenye tiketi linapokosa maana. Tukio la namna hii lina nyakati nne ambazo haziwezi kuandikwa kama wakati mmoja. Kuna mara ya mwisho chombo kilipokuwa mikononi mwa mwenyewe bila shaka, ambayo kwetu ilikuwa 18:15, alipoukalisha mkoba kitini. Kuna wakati wa kugundua, 19:30. Kuna wakati taasisi ilipojua, kwa maana ya mtu wa kwanza mwenye dhamana kuambiwa. Na kuna wakati timu ya usalama ilipopata habari, ambao ndio wa kwanza kuonekana kwenye mfumo wa tiketi na kwa hiyo ndio unaonakiliwa kila mahali. Fundi anauhitaji ule wa kwanza, kwa sababu uchunguzi wa nani ameingia kwenye mifumo lazima uanzie hapo, si pale mwenyewe alipogundua. Kati ya 18:15 na 19:30 mashine ilikuwa njiani na hakuna aliyejua.

Mwanasheria anauhitaji ule wa tatu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 43, inamtaka mwenye kuhifadhi data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kujua kwamba data za watu zimefikiwa na asiyeruhusiwa, pale penye hatari ya kweli ya madhara kwa wahusika. Sheria inasema tangu kujua. Haisemi tangu tiketi kufunguliwa. Tulibishana asubuhi ile: mmoja alisema taasisi ilijua Jumatatu 08:30, mwingine akasema Jumamosi 09:10, meneja aliposoma ujumbe. Mimi nilishikilia 19:30 ya Ijumaa, kwa sababu afisa mwenyewe ni mtumishi wa taasisi, na kwa sababu anayehesabu kuanzia mapema hawezi kuchelewa kwa hesabu ya mtu yeyote. Kwa hesabu hiyo muda ulikuwa unaisha Jumatatu hiyo hiyo saa 19:30. Kwa ile 01:30 ya kwenye tiketi tungedhani tuna mpaka usiku wa manane. Saa sita za kosa la kuandika zingetufanya tukawie na huku tunajiona tuna nafasi.

Swali lililofuata ndilo linaloamua uzito wa laptopu iliyopotea: je, aliyenayo anaweza kusoma diski yake? Mashine zetu zote zilisimbwa kwa BitLocker, na kioo cha usimamizi kilionyesha alama ya kijani mbele ya jina la mashine ile. Wengi huishia hapo. Wanaandika "diski imesimbwa" na kufunga habari. Lakini mwenzetu mmoja, fundi mtulivu asiyependa alama za kijani, alikumbuka kwamba Alhamisi jioni tulikuwa tumetuma sasisho la programu ya ndani ya mashine, ile inayowaka kabla ya Windows. Sasisho la aina hiyo hulazimika kuusimamisha ulinzi wa BitLocker kwa muda, ili mashine isije ikadai ufunguo wa dharura inapowaka na kukuta mabadiliko. Akaenda kwenye meza ya jirani, kwenye laptopu ya aina ile ile iliyokuwa haijawashwa upya tangu Alhamisi, akaandika:

```
manage-bde -status C:
```

Kati ya mistari iliyotokea, mitatu ndiyo yenye maana:

```
Conversion Status:    Fully Encrypted
Percentage Encrypted: 100.0%
Protection Status:    Protection Off (1 reboots left)
```

Diski imesimbwa kwa asilimia 100, na ulinzi umezimwa. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Ulinzi unaposimamishwa, data hubaki zimesimbwa lakini ufunguo wa kuzifungua huachwa wazi juu ya diski yenyewe, mpaka mashine iwashwe tena idadi ya mara iliyowekwa. Hapa ilikuwa mara moja. Anayeiokota mashine iliyo katika hali hiyo hana haja ya ujuzi wa ajabu. Akiichomoa diski na kuiweka kwenye kompyuta nyingine, inafunguka.

Kwa hiyo swali lilibadilika. Halikuwa tena "imesimbwa?" bali "iliwashwa upya baada ya Alhamisi jioni?" Laptopu zetu zilikuwa zikituma kumbukumbu zake kwenye seva ya ofisi, na humo tukakuta tukio la kuwaka kwa mfumo, lenye nambari 12 kutoka chanzo cha Kernel-General, la Ijumaa 05:04 UTC, yaani 08:04 asubuhi kwa saa zetu. Mashine ilikuwa imewashwa upya, sasisho limekamilika, na ulinzi kwa kawaida yake umerudi. Nikaandika hivyo hivyo kwenye muhtasari: tunaamini ulinzi ulikuwa umewashwa, kwa ushahidi wa tukio hilo la kuwaka, si kwa ushahidi wa alama ya kijani. Tena nikaongeza kikomo chake. Mashine haikuzimwa, ilifungwa kifuniko, na mashine iliyolala hushikilia ufunguo wa diski kwenye kumbukumbu yake ya muda. Mjuzi mwenye vifaa, akiipata kabla betri haijaisha, ana njia za kujaribu. Mtu wa kawaida anayetaka kuiuza hawezi. Atakutana na kioo cha nenosiri. Hatari ilikuwa ndogo, lakini haikuwa sifuri, na msomaji wa muhtasari ana haki ya kuijua tofauti hiyo.

Hadi hapo tulikuwa tumepumua. Sheria hiyo hiyo ya 2019 inasema wahusika hawalazimiki kuarifiwa pale mwenye data alipokuwa ameweka ulinzi unaofaa, na inautaja usimbaji miongoni mwa ulinzi huo. Mwanasheria alikuwa amekwisha kuanza kuandika aya ya kueleza kwa nini wanachama hawatatumiwa barua.

Nikampigia tena yule dada. Nilikuwa na swali moja ambalo halimo kwenye fomu yetu.

"Dada, mkoba wenyewe ulikuwa na nini kingine?"

"Chaja. Daftari. Miwani yangu." Akasita. "Na flashi."

"Flashi ya nani?"

"Ya ofisi. Ile niliyochukulia orodha Jumatano, kwa sababu printa ya huku juu ilikuwa imekufa, nikashuka kuchapisha kwenye kaunta."

Nikakiangalia kitabu cha matoleo cha mfumo wa mikopo, kile kinachoandika nani ametoa faili gani na lini. Jumatano 10:42, kwa jina lake, faili ya wakopaji waliochelewa kulipa: mistari 386, yenye majina, nambari za vitambulisho vya taifa, nambari za simu na salio la mkopo la kila mmoja. Faili haikuwa na nenosiri. Flashi haikuwa imesimbwa. Iliingia kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba Jumatano na ikakaa humo.

Sikumkasirikia, na nawaomba wanaouliza maswali haya wasikasirike. Asubuhi, mbele ya meneja, alikuwa ameulizwa kuhusu laptopu, akajibu kuhusu laptopu. Hakuna aliyemuuliza kuhusu mkoba. Fomu za taasisi nyingi zimejengwa kufuata orodha ya mali: nambari ya mashine, aina, bei. Flashi ya shilingi mia chache haimo kwenye orodha ya mali ya mtu, kwa hiyo haipotei kwenye karatasi hata inapopotea barabarani. Vivyo hivyo daftari lenye nenosiri ukurasa wa mwisho, simu ya pili, kadi ya mlango, na karatasi za fomu za mikopo. Kilichopotea ni mkoba, na laptopu ilikuwa kitu kimoja tu ndani yake, tena ndicho kilicholindwa vizuri kuliko vyote.

Jambo hili lina mfano mkubwa unaojulikana. Tarehe 3 Mei 2006 nyumba ya mtumishi wa Idara ya Maveterani ya Marekani, katika jimbo la Maryland, ilivunjwa. Wezi walichukua laptopu na diski ya nje. Humo mlikuwa na majina, tarehe za kuzaliwa na nambari za hifadhi ya jamii za watu wanaofikia milioni 26.5, na data hazikuwa zimesimbwa. Mtumishi yule aliwaambia wakubwa wake upesi. Lakini habari ilisota ngazi kwa ngazi ndani ya idara, na waziri mwenyewe, Jim Nicholson, aliambiwa tarehe 16 Mei. Umma ulitangaziwa tarehe 22. Vifaa vilipatikana mwishoni mwa Juni, na FBI ikaona kwamba data hazikuguswa. Hata hivyo idara ilikubali mwaka 2009 kulipa dola milioni 20 kumaliza kesi. Nimekuwa nikiurudia mfano huu kwa sababu mbili. Kilichoibwa hakikuwa laptopu peke yake. Na siku 13 zilizopotea hazikupotezwa na aliyeibiwa.

Turudi Mombasa, kwenye maneno "hatua zimechukuliwa". Nikiyaona kwenye rasimu huyafuta na kuuliza: hatua ipi, ameichukua nani, saa ngapi, na nani amethibitisha kwamba imefanya kazi? Kila hatua ya kudhibiti ina nyakati mbili, wakati wa kuamuru na wakati wa kutekelezeka, na kati yake panaweza kuwa na dakika au milele. Saa 08:52 msimamizi wa akaunti alibadilisha nenosiri la dada yule na kuvunja vikao vyote vilivyokuwa wazi kwa jina lake:

```
Revoke-MgUserSignInSession -UserId afisa@mfano.example
```

Amri hiyo huzuia mashine isipate kibali kipya, lakini kibali cha muda mfupi ambacho programu imekwisha kukishika kinaweza kuendelea kufanya kazi kwa yapata saa moja. Kwa hiyo niliandika kwamba akaunti ilidhibitiwa kwa amri 08:52, na kwamba tunaihesabu imefungika kabisa kuanzia 10:00, baada ya kuangalia tena na kuona hakuna kilichopita. Saa 08:58 mashine ilizuiwa kwenye orodha ya vifaa. Kijana mmoja alitaka kuifuta kabisa humo, na nashukuru fundi wetu alimshika mkono. Ufunguo wa dharura wa BitLocker, ule wa tarakimu 48, huhifadhiwa pamoja na jina la kifaa. Ukikifuta kifaa unaufuta na ufunguo, na mashine ikipatikana kesho huwezi kuifungua kuichunguza. Kizuie, usikifute. Saa 09:05 cheti chake cha VPN kilibatilishwa.

Saa 09:07 ilitumwa amri ya kuisafisha mashine kutoka mbali. Hapa ndipo mihtasari mingi inaposema uongo bila kukusudia. Kioo kinaandika amri imetumwa, na mwandishi anaandika "laptopu imefutwa". Amri hiyo inasubiri mashine iwashwe na ipate mtandao. Mwizi akiuza diski peke yake, au akiweka Windows mpya bila kuiunganisha, amri haifiki kamwe. Niliandika neno lililokuwa kwenye kioo, inasubiri, na nikaacha mstari wazi wa tarehe ya utekelezaji.

Kuhusu flashi hapakuwa na hatua ya kiufundi hata moja. Huwezi kuituma amri. Udhibiti pekee uliobaki ulikuwa kuwaambia watu 386 kwamba jina lao, kitambulisho chao na deni lao huenda viko mikononi mwa mtu, na kwamba akipiga simu mtu anayelijua salio lao hadi senti na kudai "malipo ya kufunga mkopo", wasilipe, wapige nambari ya taasisi. Mtu anayelijua deni lako anaaminika haraka mno. Ndiyo sababu orodha ya wadaiwa ni hatari kuliko orodha ya majina matupu. Aya ya mwanasheria ilifutwa, ikaandikwa nyingine. Taarifa kwa Kamishna ilitumwa 16:40, chini ya saa tatu kabla ya muda kuisha kwa hesabu yangu, na ujumbe kwa wanachama ukaanza kutoka kesho yake.

Polisi nao. Dada yule alikwenda kituoni akarudi na nambari ya OB iliyosema "laptopu nyeusi". Laptopu nyeusi zimejaa Mombasa. Tulimrudisha na nambari ya mashine iliyobandikwa chini yake, tuliyoitoa kwenye mfumo wa mali, ikaingizwa. Bila hiyo, hata polisi wakiikamata na nyingine ishirini dukani hawana njia ya kujua ipi ni yetu.

Muhtasari uliotoka jioni ulisomeka hivi, na nauweka hapa kwa sababu ndio kazi yenyewe:

"Nyakati zote ni za Afrika Mashariki. Mkoba wenye laptopu na flashi moja uliachwa kwenye tuktuk Ijumaa kati ya 18:15 na 18:40. Uligunduliwa kutokuwepo 19:30. Meneja alitumiwa ujumbe 19:50, akausoma Jumamosi 09:10. Dawati la msaada lilipokea habari Jumatatu 08:30. Laptopu: diski imesimbwa, ulinzi ulirudi Ijumaa 08:04 kwa ushahidi wa kumbukumbu; mashine ilikuwa imelala, haikuzimwa. Flashi: haikusimbwa, ina orodha ya wakopaji 386. Akaunti ilifungwa 08:52, imethibitishwa 10:00. Kifaa kimezuiwa, cheti kimebatilishwa. Amri ya kusafisha imetumwa 09:07, inasubiri. Kumbukumbu za kuingia kuanzia Ijumaa 18:15 hadi Jumatatu 10:00 zimepitiwa: hakuna kuingia kutoka kwenye laptopu, kuingia kwa simu ya mhusika kumethibitishwa naye. Kumbukumbu hizi haziwezi kuonyesha usomaji wa flashi. Kamishna amearifiwa 16:40."

Sentensi ya kumbukumbu ndiyo niliyoipigania zaidi. Mkubwa mmoja alitaka isomeke "hakuna data iliyofikiwa". Nilimwambia, kwa heshima yake, kwamba hatukujua hivyo. Tulichojua ni kwamba hakuna aliyeingia kwenye mifumo yetu kwa mashine ile ndani ya muda ule. Anayechomeka flashi kwenye kompyuta ya saiba haachi alama yoyote kwenye seva yetu.

Tulitofautiana pia juu ya namba ya kuweka juu ya ukurasa. Tangu tiketi kufunguliwa hadi akaunti kufungwa zilipita dakika 22, na kitengo chetu kilistahili kujivunia. Lakini tangu kugunduliwa hadi tiketi zilipita saa 61. Anayeandika dakika 22 peke yake anaisifu timu. Anayeandika saa 61 na dakika 22 anamwonyesha mkurugenzi mahali pa kutengeneza. Niliandika zote mbili, ya saa 61 kwanza. Meneja hakufurahi, naye nilimwelewa: alikuwa nyumbani, hakuwa na nambari ya kupiga, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ujumbe ule ulikuwa unaanza kuhesabu saa za kisheria. Baada ya hapo kila laptopu ilibandikwa kibandiko chenye nambari ya simu inayopokelewa usiku na mwisho wa wiki, na swali la "mkoba ulikuwa na nini kingine?" likawa la pili kwenye fomu, baada tu ya jina. Matundu ya flashi katika idara ya mikopo yalifungwa, na printa ikatengenezwa.

Laptopu haikupatikana. Amri ya kusafisha ilibaki inasubiri, na ndivyo ilivyoandikwa. Upande wa laptopu tukio lilifungwa. Upande wa flashi nilikataa liandikwe kuwa limefungwa, nikaandika: "Halikudhibitiwa. Wahusika wameonywa."